Uamilifu au nadharia ya mgogoro? Tulinganishe kwa daladala moja, kwa wanaoandika esei

Kila muhula nasoma esei za madogo wa mwaka wa kwanza kabla hawajampelekea lekchara, na swali la kulinganisha nadharia mbili za sosholojia, uamilifu unaouliza kitu kina kazi gani kwenye jamii na nadharia ya mgogoro inayouliza nani anapata na nani anapoteza, halikosekani, na kosa ni lile lile. Mtu anaandika kurasa mbili za uamilifu, mfano wake familia, baba na mama na watoto kila mmoja na kazi yake, alafu anaandika "kwa upande mwingine" na kurasa mbili za mgogoro, mfano wake kiwanda, mwenye mtaji anamnyonya mfanyakazi. Anamalizia kwa kusema nadharia zote mbili ni muhimu. Hapo hajalinganisha chochote jamani. Ni kama kushindanisha watu wawili mbio, mmoja unamkimbiza mchangani Coco mwingine uwanja wa Taifa, sasa utajuaje nani ana kasi?

Dawa yake ni kuchukua kitu kimoja, kidogo, unachokijua, ukipitishe chini ya nadharia zote mbili. Mi natumia daladala, na sio daladala nzima na mambo yake yote, natumia kitu kimoja ndani yake kinaitwa hesabu.

Kwa ambaye hajawahi kukaa na madereva: gari ya daladala mara nyingi ina tajiri, yaani mwenye gari, na dereva na konda hawalipwi mshahara. Wanachofanya ni kumpelekea tajiri kiasi fulani kila siku, kiasi hicho ndo hesabu, na ni kile kile siku ikiwa nzuri au mbaya. Wanatoa hela ya mafuta, wanatoa hesabu, kinachobaki ndo chao. Tuweke namba za mfano, nimezitunga mwenyewe ziwe rahisi tu: siku ya kawaida gari inakusanya 220,000, mafuta 80,000, hesabu 90,000, wapiga debe na vitu vidogo vidogo vya barabarani 10,000, inabaki 40,000, dereva anachukua 25,000 konda 15,000. Sasa njoo siku ya mvua, barabara imefungwa, badala ya tripu nane wamepiga sita, wamekusanya 170,000. Toa mafuta yale yale maana gari imesimama foleni injini inawaka, toa hesabu 90,000, imebaki sifuri na wapiga debe hawajalipwa bado. Tajiri kapata 90,000 yake kamili, dereva na konda wameamka saa tisa usiku wanarudi nyumbani na deni la elfu kumi.

Shika hizo namba mbili, 220,000 na 170,000, tutarudi.

Mtu wa uamilifu akiangalia hapa swali lake la kwanza ni: hiki kitu kinafanya kazi gani mpaka kinaendelea kuwepo? Na usidharau hilo swali, ni zuri sana. Tajiri yuko kazini kwake mjini, hawezi kukaa kwenye siti ya nyuma kuanzia alfajiri kuhesabu vichwa. Hajui abiria wangapi wameshukia njiani. Angelipa mshahara, dereva angeweza kupaki gari kivulini na bado akalipwa, na konda angeweza kuficha nusu ya nauli. Hesabu inaondoa tatizo hilo lote kwa mara moja, tajiri hana haja ya kujua kilichotokea ndani ya gari, anajua tu jioni kitakachofika mkononi, na dereva ana sababu ya kufanya kazi kwa bidii kwa kuwa cha ziada ni chake. Watu watatu ambao pengine hawaaminiani wanaweza kufanya biashara pamoja miaka, abiria anafika kazini, jiji linaenda. Durkheim kwenye kitabu chake cha 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi alikuwa anasema jambo la namna hii, kwamba jamii ya kisasa haishikani kwa sababu watu wanafanana, inashikana kwa sababu wanatofautiana na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Konda bila dereva haendi popote, dereva bila konda nani atakusanya nauli na nani atagonga bodi kumwambia kuna mtu anashuka.

Mtu wa mgogoro anaangalia gari ile ile, hesabu ile ile, na swali lake la kwanza ni lingine kabisa: nani anapata nini hapa, na hasara ikija inamwangukia nani? Ndo maana nimekwambia ushike zile namba. Mvua ilipunguza makusanyo kwa 50,000, na hiyo 50,000 yote imetoka kwa dereva na konda, 40,000 yao imeyeyuka na juu yake deni la 10,000, hata shilingi haikutoka kwa tajiri. Sio kwamba tajiri ana roho mbaya, inawezekana ni mzee mstaarabu kabisa anayesalimia watu msikitini, nadharia hii haihitaji mtu mbaya. Inachosema ni kwamba mwenye gari anaweza kuweka masharti na asiye na gari anayapokea, kwa sababu pale kituoni kuna deiwaka, yaani vibarua wa siku, wamekaa wanasubiri, ukikataa hesabu ya 90,000 mwenzako anaichukua kabla hujafika kwenu. Marx kwenye ile kazi yake ya 1867 kuhusu mtaji alikuwa anazungumzia viwanda vya Uingereza, lakini kundi la watu wasio na kazi wanaosubiri nje na kwa kusubiri kwao tu wanashusha bei ya walio ndani, hilo alilieleza, na ukitaka kuliona nenda stendi yoyote asubuhi.

Umeona sasa? Kitu kimoja, maswali mawili. Hapa ndo esei yako inatakiwa ikae, na kwa maoni yangu aya moja ya namna hii ina thamani kuliko kurasa nne za wasifu wa Marx na Durkheim walizaliwa lini wakasoma wapi.

Twende kwenye kitu kinachouma kidogo, mwanafunzi. Saa kumi na mbili asubuhi, kituoni Gongo la Mboto, mtoto wa sketi ya bluu na begi kubwa kuliko mgongo wake, gari imesimama, konda kasimama mlangoni mkono mmoja kashika bomba, mkono mwingine umekatisha mlango usawa wa kifua cha yule mtoto, anapitisha watu wazima chini ya kwapa lake mmoja mmoja. Hasemi kitu, mkono tu ndo unasema. Mtoto anarudi nyuma hatua mbili anasubiri gari inayofuata. Nimeiona mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuitumia kama mfano bila kuumia, lakini ni mfano bora kuliko yote ninayoijua kwa somo hili.

Nauli ya mwanafunzi imewekwa chini ya nauli ya mtu mzima na nafasi anayochukua ni ile ile. Rudi kwenye hesabu. Mafuta lazima, 90,000 lazima, kwa hiyo kila shilingi inayopungua inapungua kwenye ile 40,000 ya mwisho, ambayo ni ugali wa konda na dereva. Kwenye mfuko wa tajiri mwanafunzi hapunguzi chochote. Ule mkono mlangoni, nadharia ya mgogoro inausoma hivyo: mtoto na konda wamegombanishwa na mpango ambao hakuna kati yao aliyeupanga, serikali imepunguza nauli na gharama ya punguzo ikaangukia kwa mtu wa chini kabisa kwenye mnyororo.

Uamilifu unasemaje? Hapa wengi wanakosea wanaandika kwamba uamilifu unaona kila kitu ni kizuri. Sio kweli, na ukiandika hivyo anayekusahihisha anajua hujasoma. Robert Merton mwaka 1949 alishasahihisha hilo kutoka ndani kwao wenyewe. Alisema kitu kinaweza kuwa na kazi ya wazi, ile inayokusudiwa, na kazi iliyojificha ambayo hakuna aliyeikusudia, na pia kinaweza kuwa na madhara kwa mfumo, tena kinachofaa kwa kundi moja kinaweza kuliumiza jingine. Kazi ya wazi ya hesabu ni kumhakikishia tajiri mapato. Kazi iliyojificha, mojawapo, ni kwamba magari yanatoka alfajiri mapema sana bila mtu kuyapangia ratiba, kwa sababu kila dereva anakimbizana na 90,000 yake. Madhara ni mwendo wa kasi, kukatisha ruti, na mtoto aliyeachwa kituoni. Kwa hiyo mtu wa uamilifu aliyesoma vizuri anauona ule mkono, ila anauita hitilafu kwenye mfumo unaofanya kazi, wakati mwenzake anauita matokeo ya mfumo wenyewe kufanya kazi kama ulivyo. Hiyo sentensi naomba uielewe vizuri kwa sababu tofauti yao kubwa iko hapo.

Na tofauti hiyo sio ya maneno, inakupeleka kwenye dawa tofauti. Ukiita hitilafu, unarekebisha sehemu: elimisha makonda, wavae sare, weka faini, weka askari kituoni asubuhi. Ukiita matokeo, unasema askari akiondoka mkono unarudi, badilisha namna ya kulipana. Unaweza hata kuuliza ni kipi kingetokea dereva na konda wangekuwa na mshahara. Watu wanapenda kutaja mwendokasi hapa, mabasi yaliyoanza 2016, kwa kuwa dereva wake ni mwajiriwa na nauli unalipia kituoni, halipwi kwa vichwa. Mfano ni mzuri lakini uutumie kwa tahadhari: kule mtoto hazuiwi na mkono wa konda lakini anazuiwa na msongamano, asubuhi wenye nguvu ndo wanaingia kwanza. Yaani ukiondoa hesabu hujaondoa uhaba wa mabasi, na uhaba nao una hadithi yake.

Kuna kitu kingine kinatokea sana kwenye swali hili, kwanini mmoja analipwa zaidi ya mwingine. Upande wa uamilifu jibu maarufu ni la Davis na Moore, 1945: nafasi nyingine ni muhimu zaidi kwa jamii na zinahitaji ujuzi ambao watu wachache wanao, kwa hiyo lazima zilipwe zaidi ili watu wakubali kuhangaika kuusomea. Ipime kwenye gari yetu. Dereva 25,000 na konda 15,000, hapo inakaa vizuri kabisa, dereva kasomea leseni na kosa lake moja linaua watu. Lakini tajiri na 90,000 yake? Ametumia ujuzi gani adimu leo? Ametoa gari, na gari inachakaa, ina matairi na bima, ni haki tuseme hivyo na sio kujifanya ile 90,000 yote ni faida. Hata hivyo kumiliki sio kipaji, unaweza kurithi. Melvin Tumin alipowajibu mwaka 1953 alikuwa na hoja mbili zinazoingia hapa moja kwa moja. Ya kwanza, umuhimu wa nafasi unaupimaje, maana konda asipokuwepo gari haikusanyi nauli, sasa nani kasema yeye ni mdogo? Ya pili, watu hawafiki kwenye mafunzo wakiwa sawa, yule deiwaka pengine angekuwa dereva mzuri kuliko wote ila hela ya kwenda shule ya udereva hana. Kwa hiyo kwenye dereva na konda uamilifu unakupa jibu zuri, kwenye tajiri na dereva unakwama, na mi napenda esei inayosema hivyo waziwazi kuliko inayogawa pointi tano kwa tano.

Sasa mgogoro nao unakwama wapi? Swali gumu kwake ni hili: kama dereva anabeba hasara yote, kwanini magari yanatoka kila siku? Kwanini kwa miaka mingi mtu anapeleka 90,000 kwa mkono wake mwenyewe, bila kushikiwa bunduki, na akiulizwa anasema "hesabu ni hesabu"? Uamilifu hapa una raha zake, Parsons na wenzake watakwambia watu wamelelewa kwenye maadili yanayofanana, wanaamini deni lazima lilipwe na mali ya mtu ni ya mtu, kwa hiyo utaratibu unajilinda wenyewe. Ukikaa kijiweni na madereva utasikia kweli wanamdharau mwenzao aliyekula hesabu ya tajiri.

Jibu la upande wa mgogoro ninaloliona zuri ni la Ralf Dahrendorf, 1959. Alisema maslahi ya watu walio chini yanaweza kuwepo kimyakimya bila kuwa kundi, na yanageuka kuwa kundi linalopigana pale tu masharti fulani yakiwepo, kama watu kuweza kuwasiliana na kuwa na viongozi na nafasi ya kujipanga. Madereva wametawanyika, kila mmoja na tajiri wake, na kila mmoja ana deiwaka nyuma yake. Ugomvi wao wa kila siku wanaumalizia kwa makondakta na abiria na trafiki. Alafu angalia 2015. Aprili ile madereva wa mabasi waligoma, Ubungo pakajaa abiria wamekaa juu ya mabegi, na kati ya vilivyowakera ni agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, alafu Mei wakagoma tena na madai ya mikataba ya ajira yakawa mbele kabisa. Ule mkataba wa ajira ndo kinyume cha hesabu, sio? Na agizo la leseni liliwagusa wote siku moja, wa daladala na wa mikoani, tajiri yeyote unayemfanyia kazi. Kitu kilichokuwa kinauma kila mtu peke yake kikawa kinauma wote kwa pamoja. Dahrendorf anaelezea vizuri kwanini ni mwaka ule na sio kila Jumatatu.

Mtu wa uamilifu hawezi kukaa kimya kwenye mgomo, na ukisoma Coser wa 1956 utaona hata ugomvi una kazi yake, unaweza kuwaunganisha walio upande mmoja na kulazimisha kanuni mpya zitungwe. Ila kuwa makini, Coser wengine wanamweka upande wa mgogoro, kwa hiyo mtumie kama daraja usimtumie kama bendera ya timu.

Kosa moja la mwisho nitalitaja kwa kuwa linakata maksi bila mtu kujua. Ukishaonyesha hesabu inamsaidia tajiri asiyeweza kusimamia gari, usiandike "ndo maana hesabu ilianza". Durkheim mwenyewe mwaka 1895 alionya kwamba kuonyesha kitu kina faida gani sio kuonyesha kimetokeaje. Daladala zimetokea kwenye historia: UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, ilikuwa haiwezi kubeba watu wote wa jiji, mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, nauli ikiwa shilingi tano, dala, jina likabaki. Mtu wa uamilifu atasema jiji lilikuwa na hitaji na likapata kiungo cha kulijaza. Mwenzake atauliza, mwaka 1983 nani alikuwa na uwezo wa kuwa na basi? Wote wawili bado wana kazi ya kuonyesha hatua za katikati, hesabu iliingiaje, ilipangwa na nani, na bila hizo hatua neno "ndo maana" halina haki ya kuwepo.

Kwa hiyo uchague ipi? Soma kitenzi cha swali. Likiuliza kitu fulani kinadumu vipi au kinashikaje watu pamoja, anza na uamilifu na ulete mgogoro kuuliza kinadumu kwa gharama ya nani. Likiuliza kuhusu kutokuwa sawa, au mabadiliko, au mgomo, anza na mgogoro alafu uamilifu uulize kwanini havunjiki kila siku. Likisema linganisha tu bila kuegemea, usianze na nadharia kabisa, anza na ule mkono mlangoni, sentensi mbili, kisha hesabu ya siku ya mvua na namba zake, kisha nani anasoma nini. Mimi binafsi kwenye hesabu ya daladala naegemea mgogoro, kwa sababu ile 50,000 iliyopotea ilichagua mifuko ya kutokea na uamilifu hauna maneno mazuri ya kueleza ilichaguaje. Kwenye swali la mazishi, jinsi mtaa mzima wa uswahilini unavyochanga na kupika ndani ya saa tatu bila bosi, ningeanza na Durkheim bila kusita, na mgogoro ningeuleta baadae kidogo, pale kwenye daftari la michango, jina gani linasomwa kwa sauti na nani kakaa nyuma akiosha vyombo.